Simu ya Kitaliano, swichi tatu za "Evita": ipi ndiyo ya kukwepa feri ya Likoni?

Dere_wa_Barani
Salaam aleikum wenzangu. Naendesha gari la nyumba moja ya Casuarina. Kwenye dashibodi kuna simu ya mwenye nyumba, hukaa hapo hapo yeye akiwepo Malindi au akiwa kwao. Yote imeandikwa Kitaliano. Kitaliano cha mdomo ninacho cha kunitosha, cha kuagiza chakula, cha kubishana bei na cha kutaniana ufuoni, lakini maneno ya barabarani hayajawahi kunipitia.

Ijumaa nina wageni wa kuwapeleka Diani. Mmoja ni bibi mtu mzima sana, na mwenye nyumba amepiga simu kusema nisiwapitishe Likoni, asije akakaa kwenye foleni ya feri na jua lote lile. Nikifungua Google Maps nikaweka Diani, kwenye machaguo ya njia naona mistari mitatu: `Evita autostrade`, `Evita pedaggi`, `Evita traghetti`. Wa katikati umewashwa, hiyo miwili mingine imezimwa. Niwashe upi, nizime upi? Na lugha ya simu nimeambiwa nisiiguse.

Kobe_Mzee
Aleikum salaam kijana wangu. Uache kama ulivyo. Huo wa katikati, pedaggi, maana yake malipo, na feri gari linalipa. Umeshawashwa, basi feri umeshaikwepa. Mimi nimepeleka Wataliano tangu Kilifi kuna feri, kabla ya daraja kufunguliwa 1991, na neno pedaggio nalisikia kila wakikaribia pahali pa kutoa pesa.

Tuktuk_Muyeye
Mwulize abiria. Si wao ndio Wataliano?

Dere_wa_Barani
Wageni wa safari hii ni Wapolandi 😂

Ramani_Pwani
Mzee Kobe kwa heshima zote, neno umelijua lakini swichi siyo hiyo. Pedaggi ni pesa inayotozwa kwa kupita juu ya barabara. Feri kwenye hizi ramani ina fungu lake, na fungu hilo halitazami kama unalipa au hulipi. Pale Likoni anayevuka kwa miguu halipi hata senti, na bado ile ni feri. Google hatuoni ndani yake inavyoandikwa, lakini kwenye OpenStreetMap, ambako mimi huchora, ni alama mbili mbalimbali: mstari wa majini huandikwa `route=ferry`, barabara ya kulipia huandikwa `toll=yes`. Programu ikiambiwa ikwepe hizi, inaziacha zile.

Sasa tazama njia yako. Kutoka Malindi mpaka Diani hakuna barabara hata moja ya kulipia. Kwa hivyo huo mstari wa katikati uuwashe, uuzime, kwa safari ya Ijumaa hauna kazi. Unaoutaka ni wa tatu, `Evita traghetti`.

Lakini usiniamini mimi kwa maneno, maana kesho utapewa simu ya Kipolandi au ya Kichina na mimi sipo. Swichi ya feri unaweza kuitambua bila kusoma herufi, na bahati yetu watu wa Pwani ni kwamba tuna pahali pazuri pa kuijaribia. Weka mwanzo Posta ya Mombasa, ile ya Digo Road. Mwisho weka Likoni, ng'ambo tu ya kivuko, usiende mbali zaidi. Zima swichi zote tatu. Utaona mstari unakata maji, safari ya kilomita chache. Halafu washa swichi moja, rudi utazame ramani, izime, washa nyingine. Ile ambayo ukiiwasha mstari unaruka majini, unatoka kisiwani kupitia Makupa na Changamwe, unafika Miritini na kuzunguka kwa Dongo Kundu hadi kuingia Likoni kwa nyuma, hiyo ndiyo ya feri. Huwezi kukosea, kwa sababu kilomita chache zinageuka kuwa zaidi ya 30.

Usifanye jaribio hili kwa Malindi hadi Diani. Njia ndefu hiyo programu huenda ikachagua Dongo Kundu yenyewe siku Likoni pamejaa, na hapo utawasha swichi zote tatu usione kitu kimebadilika, udhani simu mbovu.

Fundi_Simu_Ngala
Mbona mnazunguka hivyo? Kwenye Google Maps za Android kuna lugha ya programu peke yake. Gonga picha ya akaunti, ingia mipangilio, tafuta lugha, weka Kiingereza au Kiswahili. Simu inabaki Kitaliano vile vile, ramani tu ndiyo inabadilika. Ukimaliza rudisha. Hata mwenyewe hatajua.

Dere_wa_Barani
Fundi, ameniambia nisiguse lugha na mimi nimesema ndiyo. Ni simu yake. Tena siku moja atafungua ghafla nikiwa sijarudisha, nianze kujieleza.

Ramani_Pwani
Fundi yuko sawa kwamba inawezekana. Ila hapo kuna mtu anaweza kujidanganya: kubadilisha lugha hakuzimi wala hakuwashi swichi. Zitakuwa vile vile zilivyoachwa, kwa maandishi mengine tu. Ukiacha lugha ukafanya jaribio la Posta utapata jibu lile lile.

Mama_Brescia
Hamjambo nyumbani. Mimi ni wa Maweni, naishi Brescia miaka mingi sasa. Nicheke kidogo kwanza kuhusu huo wa katikati kuwashwa. Huyo mwenye nyumba kauwasha huku, si huko kwenu. Huku autostrada, yaani barabara kuu za mwendo kasi, nyingi zinalipiwa. Hapa kwangu hadi Milano kwa A4 unalipa, basi watu wakiwa hawana haraka huwasha `Evita pedaggi` wapite za chini. Na swichi hizi simu inazikumbuka, pale chini kuna mstari mwingine wa kuzihifadhi. Mtu anapanda ndege Malpensa na swichi yake mfukoni, anashuka nayo Malindi.

Niongeze na hiyo ya juu, `Evita autostrade`, kwa sababu wengi huichanganya na ya malipo. Shemeji yangu tulipokwenda Sicilia aliiwasha hiyo akitaka kukwepa kulipa. Kumbe kutoka Salerno kushuka hadi ncha ya Calabria kuna A2, autostrada kamili, na haina malipo. Programu ikatutoa humo ikatuzungusha milimani, vijiji na kona, watoto wanatapika nyuma, na ile barabara ya bure tunaiona bondeni. Angewasha ya pedaggi tungebaki A2.

Tulipofika Villa San Giovanni ndipo nikajifunza na la feri. Kati ya hapo na Messina ni bahari na daraja hakuna. Shemeji akasema ngoja niwashe `Evita traghetti` tuone itafanyaje. Ikatupa feri vile vile! Inakwepa ikiwa kuna pa kukwepea. Kama hakuna, inakuletea feri na kijimaandishi kwamba njia hii ina traghetto.

Dere_wa_Barani
Dada hapo umenitia wasiwasi. Kwa hivyo nikiiwasha Ijumaa inaweza bado kunishusha Likoni?

Ramani_Pwani
Ijumaa hapana, kwa sababu Diani haiko kisiwani. Kutoka bara hadi bara njia ya nchi kavu ipo, na programu ikishaambiwa ikwepe feri itaichukua hata ikiwa ndefu. Alichokutana nacho dada Messina ni kisiwa kisicho na daraja.

Ila kuna jambo moja la kutazama, nalo ni ramani iliyohifadhiwa. Hiyo simu umesema inakaa kwenye gari mwaka mzima. Ina bando ya kudumu, au mwenye nyumba alipakua ramani ya Pwani akaiacha?

Dere_wa_Barani
Bando naweka mimi siku ya safari. Siku nyingine haina kitu, na ramani hufunguka hivyo hivyo.

Ramani_Pwani
Basi ndiyo hiyo, ina ramani iliyopakuliwa. Barabara ya Dongo Kundu yote, kutoka Miritini, madaraja ya Mwache na Mteza, mpaka Kibundani kule barabara ya Lunga Lunga, haikufunguliwa siku moja. Kipande cha Miritini kilifunguliwa 2018, vya upande wa kusini vilikuja baadaye sana. Ramani iliyopakuliwa zamani itaona Miritini ipo na Kibundani ipo, lakini kati hapaendeki.

Sasa ukiiambia ramani ya namna hiyo ikwepe feri, itakwepa kweli, lakini kwa njia ya zamani: itakupandisha barabara ya Nairobi hadi Mariakani, ikukate kushoto Kinango, ikushushe Kwale ndiyo utokee Diani. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wakati ule, na Ijumaa nzima itakwisha ndani ya gari na bibi wa watu.

Kwa hivyo ukishawasha wa tatu, usiondoke. Vuta ramani ufuate mstari kwa kidole. Ukikatiza maji membamba ya Mwache na kufika Kibundani, uko sawa. Ukiuona unapita Kinango, ramani ni kuukuu. Weka bando, sasisha, uulize njia upya. Huhitaji kusoma Kitaliano, majina ya miji yetu yanaandikwa yalivyo.

Mokowe_Kapteni
Nyinyi watu wa Malindi mnaongea feri, na sisi huku tumechoka na hiyo hiyo. Wageni wanakuja na gari mpaka jeti ya Mokowe, wanashuka na simu mkononi wananiuliza feri ya kuvusha gari iko wapi. Juzi mmoja ananionyesha mstari umechorwa majini mpaka Lamu. Sasa nikimwambia aiwashe hiyo Evita traghetti, ataacha kunisumbua?

Tuktuk_Muyeye
Akiiwasha itamzungusha Somalia halafu imrudishe Mokowe 😂😂

Ramani_Pwani
Kapteni, hiyo haitakusaidia. Mstari alioona ni wa mashua za watu, na mchoraji makini huutia `motor_vehicle=no` ili programu isiutumie kwa gari. Lakini si kila mstari umetiwa, na mtu akichagua kwenda kwa miguu badala ya gari ataonyeshwa majini vile vile. Kisiwa chenyewe hakiingiwi na gari lake, swichi iwe vyovyote. Mwambie mgeni kabla hajatoka Malindi aweke mwisho wa safari Mokowe, asiweke Lamu. Gari linalala Mokowe, yeye anaingia kwako.

Mokowe_Kapteni
Hilo nitalibandika kwenye ubao pale jeti. Na wale wa ndege nao wanaweka "Lamu Airport" wakidhani wanashuka kisiwani. Uwanja uko Manda, na Manda nako ni mashua.

Kobe_Mzee
Haya, swichi nimewaachia vijana. Lakini njia yenyewe mnampoteza. Mtu anayetoka Malindi kwenda Dongo Kundu hana haja ya kuingia Mombasa. Ukivuka daraja la Kilifi, pale Mavueni unakata kulia, Kaloleni, unatokea Mazeras, unashuka kidogo tu Miritini umefika. Lami tupu. Mtwapa huioni, Nyali huioni, Makupa huioni. Kwa nini ramani imvutie Mtwapa akakae na matatu?

Dere_wa_Barani
Nimejaribu sasa hivi hapa nyumbani. Posta hadi Likoni, wa kwanza nikawasha: bado majini. Wa katikati: majini. Wa tatu: ukaruka, ukaenda Changamwe mpaka Miritini. Kwa hivyo ni wa tatu kweli, Mzee Kobe niwie radhi. Halafu nikaweka Malindi hadi Diani, umenipitisha Mtwapa, Nyali, Makupa, na Kinango haimo. Ya Kaloleni imetokea kwa rangi hafifu pembeni, inasema ni ndefu kidogo wa muda.

Kobe_Mzee
Ndefu wa muda saa hizi za usiku. Ijumaa saa nne asubuhi Mtwapa utaniambia.

Fundi_Simu_Ngala
Mzee na malori ya Mazeras je? Ukikuta lori moja limekufa kwenye ule mlima wa barabara ya Nairobi utaitamani Mtwapa. Mimi Kaloleni hupita Jumapili tu.

Ramani_Pwani
Hapo hakuna swichi ya kuwaamulia. Asubuhi ile ile ndiyo ya kutazama, kabla ya Mavueni, na bando ikiwa imewashwa. Ukitaka kumlazimisha aende njia ya mzee, ongeza Kaloleni kama kituo cha katikati, kwenye zile nukta tatu za juu, kisha uifute ukishaipita.

Tuktuk_Muyeye
Mimi niulize moja kabla uzi haujaisha. Binamu yangu ana Noah, hupeleka watu Voi kwa kupitia Sala Gate. Hiyo mbuga ya Tsavo kuna kulipa getini. Akiwasha pedaggi itamwepusha?

Ramani_Pwani
Asiitegemee. Kiingilio cha mbuga si malipo ya barabara, na kwa mstari wa ramani Malindi hadi Voi kupitia Sala ni mfupi, unavutia. Programu haioni kwamba getini mtalipa kila kichwa, wala haioni kwamba jioni mageti yanafungwa. Tena humo ndani ni murram. Google haina swichi ya barabara za vumbi. Waze inayo, na Organic Maps pia, ambayo kwa Kitaliano utaiona imeandikwa `Strade sterrate`. Kuitambua bila lugha jaribu hiyo hiyo njia ya Sala: ikiwa swichi uliyowasha imemtoa mbugani ikampeleka Mazeras na barabara ya Nairobi, umeipata.

Tuktuk_Muyeye
Yeye hulipisha abiria kiingilio. Nitamwambia aache kama ilivyo.

Dere_wa_Barani
Ahsanteni sana. Lakini sasa nimepata swali jingine. Mwezi ujao gari hili hili linapanda Nairobi kumpokea kijana wa mwenye nyumba, anafikia Westlands. Nikitoka Mombasa huko juu, huo wa katikati ukiwa bado umewashwa?

Ramani_Pwani
Huko sasa ndiko una kazi. Nairobi Expressway, ile iliyofunguliwa 2022, inaanza Mlolongo, ndipo hasa utakapoingilia ukitoka Pwani, na inakwenda kilomita 27 mpaka ng'ambo ya Westlands. Ni ya kulipia. Swichi ikiwa imewashwa utabaki chini, Mombasa Road, na mataa yake yote.

Na jaribio lake ni gumu kuliko la Likoni. Expressway kwa sehemu kubwa inafuata Mombasa Road yenyewe, pengine katikati yake, pengine juu yake kwenye nguzo. Ukiweka Mlolongo hadi Westlands ukawasha na kuzima, mstari kwenye ramani utaonekana karibu ule ule. Usitazame mstari, tazama maagizo ya hatua kwa hatua. Ya juu yana hatua chache, unaingia, unakwenda mbali, unatoka. Ya chini yana hatua nyingi fupi fupi. Na dakika zinatofautiana, hasa ukijaribu saa za jioni.

Mama_Brescia
Mwulize mwenye simu kwanza kabla hujauzima. Akirudi huku na simu nyingine yenye akaunti ile ile sijui kama itambadilikia na huko, mimi yangu naona kila simu ina lake lakini siapi.

Fundi_Simu_Ngala
Kila simu ina yake. Nimefungua nyingi.

Mama_Brescia
Haya fundi. Lakini amwulize, kwa sababu pesa ya Expressway nani anatoa?

Dere_wa_Barani
Hilo ndilo nitampigia. Akisema nyumba inalipa nitauzima Mlolongo. Akinyamaza napita chini.

Kobe_Mzee
Na Ijumaa utapita Kaloleni au Mtwapa?

Dere_wa_Barani
Mzee, nikifika Kilifi nitakupigia uniambie Mazeras kukoje.